UZI: Kitufe cha kujitoa kimefichwa, "wateja waliobaki" wameongezeka. Nitajuaje kama wamebaki kweli?

MtuWaNamba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wale waliowahi kushika namba za huduma za kulipia kila mwezi, maana ofisini nimebaki peke yangu kwenye hoja hii.

Nachambua data kwenye kampuni ya masomo ya mtandaoni. Mteja anaweka kadi, anakatwa dola 10 kila mwezi mpaka aseme basi. Zamani kitufe cha kujitoa kilikuwa kwenye ukurasa wa akaunti, chini kidogo ya jina lako. Mwaka jana kikaondolewa. Siku hizi unaingia Mipangilio, halafu Malipo, halafu unatafuta maandishi ya kijivu yaliyoandikwa "Simamia mpango wako", halafu kurasa mbili za "una uhakika?" zenye ofa, na mwisho unaambiwa umalizie kwa kuchati na huduma kwa wateja. Hao wapo saa za kazi tu.

Tangu hapo asilimia ya wanaobaki mwezi hadi mwezi imepanda, na grafu imeshaonyeshwa wawekezaji. Bosi anasema ni kwa sababu ya masomo mapya tuliyoongeza. Mimi nahisi tumefunga mlango kisha tukahesabu waliomo ndani. Lakini hisia huwezi kuipeleka kwenye kikao. Nipime nini ili nijue ni kiasi gani cha hilo ongezeko kimetokana na masomo, na kiasi gani kimetokana na mlango?

Siti_ya_Mbele

Nimeweka kigoda. Wataalamu waje.

MamaVifaranga

Hao hao! Mimi kila siku asubuhi nakatwa salio kwa ujumbe wa mapishi ambao sikuwahi kuuomba. Naweka vocha, kabla sijapiga simu imeshapungua. Naandika neno la kujitoa kama walivyosema, wanajibu "ombi lako linashughulikiwa", kesho wanakata tena. Nifanyeje jamani?

MtuWaNamba

Pole sana mama. Hapa nauliza upande wa pili, namna ya kupima ukiwa ndani ya kampuni, ila ngoja wadau wakusaidie.

Masoko_Kwanza

Nimefanya masoko muda mrefu, niseme ukweli usiopendwa. Kurasa za "una uhakika" zinafanya kazi. Mtu anakuja kujitoa kwa hasira ya siku moja, unampa punguzo la miezi miwili, anabaki na anashukuru. Huo sio ulaghai, ni mauzo. Ukiweka kitufe wazi kila mtu anakibonyeza kwa mihemko. Angalia tu wangapi wameanza safari ya kujitoa na wangapi wameimaliza. Wasioimaliza ni wateja uliowaokoa. Hesabu imeisha.

Shangazi_Takwimu

Masoko_Kwanza, nusu ya ulichosema ni kweli. Ofa huwa inaokoa watu. Tatizo ni hesabu yako ya mwisho, maana ndani ya "wasioimaliza" umechanganya watu wawili tofauti kabisa. Kuna aliyeona punguzo akasema sawa, nabaki. Na kuna aliyefika kwenye chati saa tatu usiku, akakuta hakuna mtu, akafunga simu akalala. Kwenye mfumo wako wote wawili wameandikwa "ameokolewa".

Kuwatenganisha si kazi kubwa. Chukua kila aliyeanza safari ya kujitoa asiimalize, umfuatilie siku 60 zinazofuata. Je, amefungua somo hata moja? Je, alibonyeza "nakubali ofa" au alipotea tu katikati ya kurasa? Je, alirudi tena kujaribu kujitoa? Aliyekubali ofa na anasoma, huyo ni wako kwa haki. Aliyepotea, hasomi, na amejaribu mara tatu, huyo bado hajafika mlangoni tu.

Nimefanya kazi hizi Nairobi kwa kampuni mbili, na mahali pote pawili namba ya kwanza niliyoomba ilikuwa hiyo ya majaribio ya kurudia. Mtu akijaribu kujitoa mara ya pili ndani ya mwezi, hakuna haja ya kubishana alichotaka.

MbongoBerlin

Wakuu mnahangaika bure, sheria imeshatoa jibu. Huku Ujerumani tangu tarehe 1 Julai 2022 kila tovuti inayouza mikataba ya kuendelea kwa mlaji lazima iwe na kitufe cha kujitoa, na sheria imetaja hadi maandishi yake: "Verträge hier kündigen", kisha ukurasa wa kuthibitisha wenye "jetzt kündigen". Tovuti isiyoweka, mteja anaruhusiwa kuvunja mkataba wakati wowote bila notisi. Kwa hiyo chukua wateja wa Ujerumani uwalinganishe na wa kwingine. Tofauti ya asilimia ndiyo nguvu ya kitufe. Mchezo kwisha.

Shangazi_Takwimu

MbongoBerlin, karibu kaka. Wazo la kutumia sheria ni zuri, ila usilinganishe Mjerumani na Mkenya ukasema tofauti yao ni kitufe. Wanatofautiana kipato, njia ya malipo, hata sababu ya kujiunga. Afadhali umlinganishe Mjerumani wa kabla ya Julai 2022 na Mjerumani wa baada yake, kisha uangalie kama kwingine napo palibadilika miezi hiyo hiyo.

Hata hapo kuna mtego. Sheria ile ilikuja kwa vipande. Tangu tarehe 1 Machi 2022, mikataba mipya ya huko haikuruhusiwa tena kujirefusha kwa mwaka mzima. Muda wa kwanza ukiisha, mteja anaweza kutoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Miezi minne baadaye ndipo kikaja kitufe. Ukiona wateja wanatoka zaidi mwishoni mwa 2022, utajuaje ni kitufe au ni ile kanuni ya Machi? Kwa huduma kama ya MtuWaNamba inayolipwa mwezi kwa mwezi, kanuni ya Machi haigusi kitu, kwa hiyo hapo njia yako inaweza kufaa. Kwa gym zenye mikataba mirefu inayojirefusha, utachanganyikiwa.

MtuWaNamba

Sisi Ujerumani hatuna wateja wa kutosha. Wengi ni Kenya, Tanzania, Uganda na Watanzania walioko nje.

KijanaWaTudor

Basi swali lako linanihusu. Mimi hujitoa kwa kuacha kadi tupu, sihangaiki na vitufe. Natumia kadi ya mtandaoni ya kujaza pesa kwanza. Nikitaka kuendelea naweka pesa, nikichoka siweki. Wao wajaribu kukata hadi wachoke. Marafiki zangu wengi hapa Mombasa hufanya hivyo hivyo. Sasa kwenu mtu kama mimi mnamwandika wapi? Amejitoa ama kadi imekataa?

MtuWaNamba

Aisee. Umeandikwa "malipo yameshindikana". Hiyo ni ripoti nyingine kabisa, ya timu ya malipo, na kwenye grafu ya bosi kundi hilo limeondolewa kwa maelezo kwamba "ni tatizo la kiufundi, si uamuzi wa mteja".

Shangazi_Takwimu

Hapo ndipo pa kuanzia kesho asubuhi, na huhitaji ruhusa ya mtu. Chora mistari miwili kwenye karatasi moja: waliojitoa kwa njia rasmi kila mwezi, na waliopotea kwa kadi kukataa. Weka alama mwezi kitufe kilipoondolewa. Kama wa kwanza unashuka na wa pili unapanda kuanzia hapo hapo, basi watu hawakuacha kutoka, wamehama mlango tu. Ongeza na njia nyingine mbili: waliolalamika benki ili warudishiwe fedha, na walioandikia huduma kwa wateja kuomba kufutwa. Jumlisha njia zote nne. Mstari wa jumla ndio unaoonyesha wanaotoka, kipande kimoja kimoja hudanganya.

Ukifika kwenye kadi zilizokataa, tenganisha. Mteja ambaye kadi imekataa leo na baada ya siku tano amelipa, huyo alikuwa na tatizo la salio. Ambaye kadi imekataa, mmemwandikia mara nne, na kwa wiki tatu kabla ya hapo hakufungua somo, usimwite tatizo la kiufundi.

Masoko_Kwanza

Nakubali hilo la kadi. Ila bado hujathibitisha kitu kuhusu waliobaki na wanalipa vizuri. Mtu analipa dola 10 kila mwezi, hakulalamika popote. Wewe nani umseme hataki?

Shangazi_Takwimu

Swali halali. Kwa hao kuna njia mbili ninazoziamini. Moja inatumia data mliyo nayo tayari, nyingine inahitaji bosi akubali jaribio.

Ya kwanza ni kadi zinazoisha muda. Kila kadi ina tarehe yake, na hiyo tarehe haichagui mpenda masomo wala asiyependa. Siku kadi inapobadilishwa, mteja aliyesahau kwamba anakatwa analazimika kuamua: niandike namba mpya au niache? Wanauchumi Liran Einav, Ben Klopack na Neale Mahoney walitumia njia hii kwenye data za kadi Marekani kwa huduma kumi maarufu. Waliona kwamba wateja wanaotoka huongezeka ghafla kadi inapobadilishwa. Kisha wakakadiria kwamba kusahau na kutojali kwa wateja kunaongeza mapato ya muuzaji kuanzia asilimia 14 kwa huduma nyingine hadi zaidi ya asilimia 200 kwa nyingine. Upana huo unakuambia usiazime namba ya mwenzako.

Kwako fanya hivi. Tuseme una wateja 1,000 ambao kadi zao zinaisha Machi, na 1,000 wanaofanana nao ambao kadi zinaisha Septemba. Mwezi huo kundi la Septemba linapoteza watu 50, kama kawaida. Kundi la Machi linapoteza 220. Kwa hiyo 170 wametoka kwa sababu walilazimika kuamua. Usikimbilie kusema wote 170 walikuwa wamenaswa. Kuandika kadi mpya nako ni usumbufu, na kuna mpenda masomo anayeahirisha. Subiri miezi miwili. Tuseme 60 wamerudi wakaweka kadi. Waliobaki nje ni 110, yaani watu 11 kwa kila 100. Hicho ndicho kiwango cha juu cha wateja waliokuwa wakilipa bila kutaka hasa kulipa. Ukweli uko hapo au chini yake.

Angalizo moja. Benki nyingine huwapa wauzaji namba mpya ya kadi kimyakimya, malipo yakaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Hao usiwahesabu kwenye kundi la Machi, hawakuulizwa chochote.

KijanaWaTudor

Na kadi za mtandaoni kama yangu? Hizo zina tarehe lakini mtu hufuta na kuunda nyingine anavyotaka.

Shangazi_Takwimu

Za kwako ziache nje ya hesabu hii. Wewe tarehe ya kadi umeichagua mwenyewe, na njia nzima inategemea kwamba mteja hakuichagua.

Siti_ya_Mbele

Swali la mtu wa kawaida. Hivi Amazon hawakushtakiwa kwa mambo haya haya?

MbongoBerlin

Walishtakiwa. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwapeleka mahakamani Juni 2023 kuhusu Prime, uanachama wao wa kulipia. Kwa mujibu wa mashtaka, njia ya kujitoa ndani ya kampuni iliitwa "Iliad", jina la utenzi wa Kigiriki wa vita virefu vya Troya. Ilikuwa kurasa nne, kubonyeza mara sita na machaguo kumi na tano. Business Insider waliripoti 2022 kwamba hati za ndani zilionyesha wanaojitoa walipungua kwa asilimia 14 wakati fulani mwaka 2017, baada ya njia hiyo kuwekwa. Septemba 2025 wakamaliza kwa makubaliano ya dola bilioni 2.5, bila kukiri kosa. Bilioni 1 ilikuwa adhabu, bilioni 1.5 ya kurudishia wateja. Na cha kuchekesha, huku Ulaya walikuwa wameshakubali tangu Julai 2022 kumruhusu mtu ajitoe kwa kubonyeza mara mbili.

Shangazi_Takwimu

Asante kaka, na kwenye makubaliano hayo kuna kipande kinachomhusu MtuWaNamba moja kwa moja. Waliorudishiwa fedha bila kudai chochote, hadi dola 51 kila mmoja, walikuwa wale walioingia kupitia kurasa zilizolalamikiwa na ambao hawakutumia faida za Prime zaidi ya mara tatu ndani ya miezi 12. Yaani pande zote mbili zilikubali kwamba matumizi ni kipimo. Aliyejaribu kujitoa mtandaoni akashindwa aliwekwa kwenye kundi la kuwasilisha madai. Kwa maneno mengine, anayelipa asiyetumia na anayejaribu kutoka akashindwa, ndio hao hao tuliowataja juu.

Na hiyo asilimia 14 ya Amazon isomeni kwa uangalifu. Inasema waliojitoa walipungua. Haisemi waliotaka kujitoa walipungua, wala haisemi wangapi walitoka miezi mitatu baadaye kwa njia nyingine.

MamaVifaranga

Mimi nilibonyeza ile menyu ya mtandao wa simu, ya namba zenye nyota, nikakuta orodha ya huduma tatu nimeungwa! Mbili hata sizijui. Nimezifuta zote. Asante aliyeniandikia pembeni. Sasa naomba kujua, na hela zilizokwishakatwa?

KijanaWaTudor

Mama, wapigie mtandao wenyewe, sio wale wa ujumbe. Taja tarehe ulizokatwa na uombe namba ya malalamiko. Bila hiyo namba watakuzungusha.

MtuWaNamba

Shangazi, nimechora mistari kama ulivyosema. Waliojitoa rasmi wameshuka sana mwezi ule ule kitufe kilipoondolewa. Kadi zilizokataa zilikuwa zimetulia, zikaanza kupanda mwezi wa pili baada ya hapo. Ukijumlisha njia zote nne, ongezeko la wanaobaki bado lipo, ila limebaki kama nusu. Nimempelekea bosi. Amesema nusu iliyobaki ndiyo masomo mapya. Nimjibu nini?

Shangazi_Takwimu

Mjibu kwamba inawezekana, na njia ya kujua ni jaribio. Hii ndiyo ya pili niliyoahidi.

Gawa wateja kwa bahati nasibu. Tuseme 10,000 waendelee na njia ya sasa, 10,000 warudishiwe kitufe kwenye ukurasa wa akaunti, bila chati. Masomo ni yale yale kwa wote, kwa hiyo sifa ya masomo inagawanyika sawa. Mpangie mtu kundi mara moja tu na asihame. Na hesabu kila aliyepangwa, sio wale tu waliofika kwenye ukurasa wa kujitoa. Wengi hukosea hapa. Kitufe kikionekana, hata mdadisi anakigusa, kwa hiyo watu wanaofika ukurasa ule hawafanani tena kati ya makundi mawili.

Sasa nitatunga namba ili uone sura yake. Kundi la njia ndefu linapoteza 400 mwezi wa kwanza, kisha kama 480 kila mwezi, na baada ya miezi sita limebaki na 7,200. Kundi la kitufe linapoteza 1,500 mwezi wa kwanza. Hapo bosi atakupigia simu saa mbili usiku akitaka jaribio lisimame. Asilisimamishe. Wale 1,500 wengi wao ni foleni ya miezi iliyopita, watu waliokuwa wakisubiri mlango. Mwezi wa pili wanatoka 650, wa tatu 450, na mwezi wa sita 340 tu, wamebaki 6,300. Mwezi huo wa sita, kundi la kitufe limepoteza kama watu 5 kwa kila 100, na la njia ndefu limepoteza 6. Foleni imeisha, na walio ndani ni wanaotaka kuwa ndani.

Tofauti ya mwisho ni watu 900. Swali ni hao 900 ni akina nani. Hesabu wanaolipa na wamefungua somo ndani ya siku 60:

```sql
SELECT kundi,
       COUNT(*) AS waliopangwa,
       SUM(CASE WHEN analipa THEN 1 ELSE 0 END) AS wanaolipa,
       SUM(CASE WHEN analipa AND siku_tangu_atumie <= 60
                THEN 1 ELSE 0 END) AS wanaolipa_na_kusoma
FROM wateja_jaribio
GROUP BY kundi;
```

Tuseme njia ndefu inatoa 7,200 wanaolipa lakini 5,300 ndio wanaosoma. Kitufe kinatoa 6,300 wanaolipa na 5,400 wanaosoma. Basi ongezeko lote la njia ndefu ni watu waliolala, na wasomaji hawajaongezeka hata mmoja. Kama ingekuwa kinyume, njia ndefu ina wasomaji 6,000, ningemwambia Masoko_Kwanza ameshinda: zile kurasa za ofa zilibakisha wasomaji.

Masoko_Kwanza

Nimekuelewa, lakini kuna kitu unakipita. Hao 900 wanaleta dola 9,000 mwezi wa sita peke yake. Mkurugenzi wa fedha hasomi safu ya "wanaosoma", anasoma safu ya fedha.

Shangazi_Takwimu

Kweli, na sitakudanganya kwamba njia ndefu haileti fedha. Inaleta. Nitakachosema kwa mkurugenzi wa fedha ni kwamba fedha hizo ni za aina nyingine. Kadi zao zina tarehe ya kuisha. Wakistuka wanadai benki, na madai ya benki yana gharama yake na kampuni za kadi zinayahesabu. Na grafu ya kubaki inatumika kutabiri mteja mpya atalipa miezi mingapi, ndipo mnaamua mtumie kiasi gani kwenye matangazo. Mkiamini mteja atakaa miezi 16, kumbe anayesoma anakaa 12, mnanunua wateja kwa bei ya juu kuliko thamani yao.

MbongoBerlin

Mimi bado nina shaka na hizo siku 60. Mtu akijiandaa na mitihani, anaweza kukaa miezi mitatu bila kufungua halafu akarudi kwa nguvu. Na kwa huduma ya kuhifadhi picha, mimi sijafungua mwaka mzima na sitaki kabisa kujitoa, picha za harusi zipo humo.

Shangazi_Takwimu

Shaka yako ni ya haki na sina jibu la kufunga mjadala. Kwa huduma ya kuhifadhi, kutofungua hakukuambii kitu, hapo bakia na majaribio ya kujitoa na njia ya kadi. Kwa masomo, chora lini watu walionyamaza hurudi kusoma. Kama waliokaa kimya siku 60 karibu hawarudi, 60 inatosha. Kama wengi wanarudi shule zikifunguliwa, songeza hadi 120. Fanya uamuzi huo kabla ya kuangalia matokeo ya jaribio, sio baada.

MtuWaNamba

Mrejesho. Bosi amekubali jaribio, ila kwa wateja wapya tu wanaojiunga kuanzia tarehe moja. Waliopo hataki waguswe. Kasema tuangalie mwezi mmoja tuamue.

Shangazi_Takwimu

Amekubali kwa namna itakayompa jibu analolitaka. Mteja mpya hana foleni nyuma yake, wala hajapata muda wa kusahau. Mwezi wa kwanza makundi yote mawili yatafanana, naye atasema kitufe hakina tofauti, turudi tulivyokuwa. Usikubali "tuamue" hiyo ya mwezi mmoja. Waliolala hujikusanya polepole, kuanzia mzunguko wa tatu au wa nne wa malipo.

MtuWaNamba

Na nikimwambia miezi sita atakataa.

KijanaWaTudor

Mwombe kitu kingine. Kitufe kiwekwe kwa wateja wapya wote kundi moja, halafu waliopo uwapime kwa ile njia ya kadi. Hapo hajagusa mtu, na wewe una namba mbili.

Shangazi_Takwimu

Kijana ametoa wazo zuri, ila wapya wasiwekewe kitufe wote. Nusu kwa nusu, la sivyo huna wa kumlinganisha naye. Na mwandikieni kwenye barua moja kabisa: tunasoma matokeo baada ya malipo ya nne, na tunahesabu wanaolipa na kusoma. Akisaini hapo, mwezi wa kwanza hautamtisha wala kumfurahisha.

Masoko_Kwanza

Weka na kundi la tatu basi, kitufe wazi lakini kikibonyezwa kinakuja na ukurasa mmoja wa ofa. Nataka kujua hao ninaowaokoa ni ofa au ni uchovu.

MtuWaNamba

Hilo nalichukua. Nitaangalia kama wateja wapya wa mwezi wanatosha kugawanywa mara tatu, nadhani itabidi tukusanye wa miezi miwili. Nitarudi hapa na namba, kama nitaruhusiwa kuzitoa.